Barua ya Mnunuzi wa Ng'ambo Usiyemjua: Namna ya Kuijibu na Kumhakiki Bila Kumwita Tapeli

Wanaoniletea barua hizi hukosea kwa njia mbili. Wa kwanza wanajibu usiku uleule, wanatuma profoma yenye muhuri na sahihi, na wiki ya pili wanaulizia wapi pa kutuma dola 350 za "kuandikisha mkataba". Wa pili wanaandika neno moja tu, tapeli, na kufunga ukurasa.

Shemeji yangu wa Muheza, anayekusanya pilipili manga kwa wakulima wa milimani, amefanya makosa yote mawili. Mwaka alioanza biashara alimtukana mtu wa Maskati aliyemwandikia kwa anwani ya Gmail bila nembo wala tovuti. Yule bwana alikuwa mfanyabiashara kweli, ana duka la jumla, na msimu ule alinunua viungo kwa jirani yake. Wafanyabiashara wengi wa Ghuba huendesha kazi yao yote kwa Gmail na Watsapu. Dalili mbaya si ushahidi, na anwani nzuri nayo si ushahidi.

Nitafuata barua moja aliyoipokea baadaye, kutoka kwa mtu aliyejitambulisha kuwa afisa ununuzi wa kampuni ya Uingereza. Majina nimeyabadilisha.

## Vitu vya kuwa navyo

- Kompyuta. Programu ya Gmail kwenye simu haikuonyeshi vichwa kamili vya barua, na bila hivyo hatua ya pili haifanyiki.
- Barua pepe yenyewe ilivyofika, si picha ya skrini aliyokutumia mtu.
- Salio la kupiga simu nje, dakika kumi zinatosha.
- Jina la mtu wa kitengo cha biashara za nje kwenye benki yako. Keshia hataweza kukusaidia kwenye jambo hili.
- Daftari la kuandika tarehe, saa na uliyoyakuta.

Tenga siku tatu. Kazi yenyewe ni kama saa mbili, ila ofisi za ng'ambo unazisubiri zifunguliwe.

## Hatua ya 1: Isome barua kama muuza pilipili

Siku ya kwanza usijibu. Kiambatisho usikifungue, hasa kile kinachokutaka uingize nywila ili "uone oda".

Barua ya shemeji ilitaka kontena mbili za pilipili manga kila mwezi kwa mwaka mzima. Kontena moja ya futi 20 hubeba zaidi ya tani 10 za pilipili. Yeye kwa msimu mzuri anakusanya tani tatu. Bei ilikuwa juu kuliko anayolipwa na mnunuzi wake wa Dar es Salaam, tena ilitajwa kabla hajaulizwa chochote kuhusu mzigo.

Hapo ndipo pa kukazia macho, kuliko kwenye makosa ya sarufi. Waungwana wengi wa ng'ambo Kiingereza chao ni kibovu, na matapeli wengi siku hizi wanaandika kama mawakili. Tazama kilichokosekana. Mnunuzi wa kweli wa pilipili manga huulizia uzito wa punje, yaani gramu kwa lita. Huulizia unyevu, kwa sababu pilipili mbichi huota ukungu ndani ya kontena. Anayeuza Ulaya huulizia mabaki ya viuatilifu. Na karibu kila mmoja huomba sampuli. Barua ile ilikuwa na kurasa mbili, haikugusa hata kimoja, lakini ilikuwa na aya nzima kuhusu "usajili wa mzabuni".

Ukimaliza vizuri utakuwa na orodha fupi daftarini: anataka nini, ameuliza nini, hakuuliza nini. Hujafikia uamuzi bado. Mawakala wanaotafuta bei kwa niaba ya wengine nao huandika barua za jumla hivi.

## Hatua ya 2: Fungua vichwa vya barua

Kwenye Gmail ya kompyuta, fungua barua, bonyeza vidoti vitatu vilivyo pembeni, kisha `Show original`. Ukurasa mpya unafunguka. Mistari ya kutazama kwa shemeji ilikuwa hivi:

```
From: Purchasing <orders@kampuni-trading.example>
Reply-To: purchase.dept@posta.example
SPF:   PASS
DKIM:  PASS
DMARC: PASS
```

Watu wakiona `PASS` mara tatu wanapumua. Usipumue. Maneno hayo yanasema tu kwamba barua imetoka kweli kwenye anwani inayodai kutoka. Hayasemi anwani hiyo ni ya kampuni ile. Mtu akinunua jina la tovuti leo na kulipanga sawasawa, kesho barua zake zitapata `PASS` zote tatu.

Neno `FAIL` lina uzito zaidi, kwa sababu mara nyingi maana yake mtu ameandika anwani ya mwingine kwenye bahasha. Hata hivyo seva iliyopangwa vibaya hutoa `FAIL` kwa barua halali, kwa hiyo nalo liandike daftarini tu.

Mstari uliotupa kazi ni `Reply-To`. Ukibonyeza kujibu, jibu lako haliendi kwa `orders`, linaenda kwenye sanduku la barua za bure. Kampuni nyingine hufanya hivyo kwa sababu zake, lakini afisa ununuzi asiyetaka majibu yafike ofisini kwake anahitaji maelezo.

Ukimaliza vizuri utakuwa umeandika herufi kwa herufi jina lililo baada ya alama ya `@`. Tazama vistari, herufi zilizorudiwa, `.com` mahali palipostahili `.co.uk`, na `rn` iliyoandikwa ikaonekana kama `m`.

## Hatua ya 3: Tafuta jina hilo lina umri gani

Nenda `lookup.icann.org`, andika jina lile la tovuti, kisha soma tarehe iliyo mbele ya neno `Created`. Huduma hii ni ya majina kama `.com`, `.net` na `.org`. Kwa majina yanayoishia `.uk`, msajili ni Nominet, naye ana ukurasa wake wa kutafutia.

Jina la mwandishi wetu lilikuwa na siku 41. Barua yenyewe ilijisifu kwa miaka zaidi ya ishirini sokoni.

Je, hilo linatosha kusema huyu ni tapeli? Hapana. Kampuni hubadilisha majina ya tovuti. Lakini sasa tunalo swali moja la wazi la kuuliza, na swali ni bora kuliko tuhuma kwa sababu mkweli analijibu kwa mstari mmoja.

## Hatua ya 4: Itafute kampuni kwenye daftari la serikali yake

Usibonyeze kiungo kilicho kwenye barua. Tapeli mzuri hujenga na tovuti, na wakati mwingine "daftari la usajili" pia.

Kwa Uingereza daftari ni Companies House, na kulisoma ni bure:

```
find-and-update.company-information.service.gov.uk
```

Tafuta kwa jina au kwa namba ya usajili, ambayo ina tarakimu nane au herufi mbili na tarakimu sita. Soma vitu vinne. `Company status`, kama bado ni `Active`. `Incorporated on`, tarehe ya kuandikishwa. `Nature of business`, ambako wauza viungo kwa jumla huwa na namba 46370, pamoja na wa kahawa, chai na kakao. Halafu `Filing history`, uone kama hesabu za mwaka zinapelekwa. Kampuni inayojiandikisha kuwa imelala, yaani haifanyi biashara, halafu inataka kontena mbili kwa mwezi, ina jambo la kueleza.

Nchi nyingine zina za kwao. Uholanzi ni KVK, Falme za Kiarabu wana National Economic Register. Ukiwa hujui la nchi husika, muulize yule mtu wa benki.

Kampuni aliyoitaja mwandishi wetu tuliikuta. Ilikuwa hai, ya zamani, namba 46370, hesabu zimepelekwa kila mwaka. Shemeji akaruka: "Si umeona, shemeji! Ipo!"

Ipo, ndiyo. Hapa ndipo wengi wanapotumbukia. Mwizi anayejua kazi habuni kampuni, anaazima jina la kampuni nzuri iliyopo, pamoja na namba yake ya usajili na majina ya wakurugenzi, maana vyote viko wazi kwa kila mtu. Daftari linakuambia kampuni ipo. Halikuambii anayekuandikia ni wa kampuni hiyo. Hata taarifa za daftarini zenyewe kwa miaka mingi zilipokelewa bila kuhakikiwa. Companies House ilipata mamlaka ya kuhoji na kukataa taarifa mwezi Machi 2024 tu.

Ukimaliza vizuri utakuwa na anwani ya ofisi iliyosajiliwa, na kwa kuitumia utakuwa umeipata tovuti halisi ya kampuni kwa kuitafuta mwenyewe. Ya kwetu iliishia `.co.uk`, haikuwa na kistari. Tovuti yenye kistari ilikuwa nakala yake, mpaka picha za ghala.

## Hatua ya 5: Piga simu kwa namba uliyoitafuta mwenyewe

Namba iliyo chini ya barua iache. Kama inaanza na +44 70, elewa kwamba hizo ni namba za kuhamishia simu popote duniani. Haikai mezani London.

Tumia namba kuu ya tovuti halisi. Wakati wa baridi kwao, saa saba mchana ya Tanga ni saa nne asubuhi Uingereza. Wakati wa joto tofauti hupungua na kuwa saa mbili.

Cha kusema ni kifupi, na usianze na neno utapeli. Anayepokea simu ni mtu wa mapokezi, na ukitamka neno hilo atadhani unailaumu kampuni yake, akuhamishie kwa mtu asiyepokea. Shemeji alisema hivi, nami nilimwandikia kabla:

"Habari za asubuhi. Mimi ni muuza viungo wa Tanzania. Nimepokea ulizio la pilipili manga kwa jina la kampuni yenu, na kabla ya kujibu napenda kuhakikisha linamfikia mhusika. Je, mna mtu wa ununuzi anayeitwa hivi? Na barua zenu hutoka kwenye anwani ipi?"

Hajamshtaki mtu. Kama mhusika yupo kweli, ameonekana mfanyabiashara makini. Kama hayupo, kampuni imepata habari inayoihitaji kuliko wewe.

Yule mama wa mapokezi alinyamaza kidogo, akaomba atajiwe jina herufi moja moja. Mtu huyo hawakuwa naye. Anwani yenye kistari hawakuijua.

Simu isipopokelewa, tuma barua pepe fupi kwa anwani iliyo kwenye tovuti halisi, maneno yaleyale. Usiiambatishe barua uliyotumiwa mpaka waiombe, maana kiambatisho chake kinaweza kuwa na kirusi.

## Hatua ya 6: Mjibu mwandishi

Kwa nini umjibu kama tayari una shaka kubwa? Kama simu imekupa jibu la wazi, kama letu, si lazima. Lakini mara nyingi simu haikupi jibu la wazi: mtu yuko likizo, wakala wa nje, kampuni tanzu, ofisi ndogo isiyo na mapokezi. Hapo barua ndiyo inayochuja.

Na kwa nini usimwambie ulichokigundua? Kama ni mkweli, umemvunjia heshima kwa maandishi. Kama si mkweli, umemfundisha. Ukimwambia tovuti yake ina siku 41, atakayefuata atatumiwa barua kutoka tovuti yenye mwaka.

Njia ni kuyafanya maswali yawe ya utaratibu wa ofisi, yanayomhusu kila mnunuzi mpya. Utaiandika kwa lugha anayotumia yeye, ila maneno yawe ya namna hii:

> Ndugu (jina kamili alilotumia),
>
> Tumepokea ulizio lako la tarehe 4 kuhusu pilipili manga. Ahsante kwa kututafuta.
>
> Kwa kila mnunuzi wa mara ya kwanza, ofisi yetu hukamilisha yafuatayo kabla ya kutoa bei:
>
> Tafadhali tutumie namba ya usajili wa kampuni, cheo chako, na jina la mtu tunayeweza kuzungumza naye kupitia simu kuu ya kampuni. Majibu yatoke kwenye anwani ya tovuti rasmi ya kampuni. Kama unanunua kwa niaba ya mwingine, tujulishe.
>
> Tueleze pia vigezo vyenu: gramu kwa lita, kiwango cha juu cha unyevu, na vipimo vya maabara mnavyohitaji. Tutatuma sampuli ya gramu 500, gharama ya usafirishaji ikiwa kwa akaunti ya mnunuzi.
>
> Malipo tunapokea kwa barua ya dhamana ya malipo inayotufikia kupitia benki yetu, au kwa hawala kabla ya mzigo kupakiwa. Kwa utaratibu wetu muuzaji halipi ada ya usajili, ya mkataba wala ya wakili upande wa mnunuzi.
>
> Tunasubiri jibu lako ili tuendelee.

Mstari wa sampuli ndio ninaoupenda. Anayenunua pilipili kweli hajali kulipia kifurushi cha nusu kilo, ana akaunti na kampuni ya vifurushi na hiyo ni gharama yake ya kila wiki. Asiyenunua atakuambia anakuamini, sampuli haina haja. Sijawahi kuona mnunuzi wa kontena mbili anayeamini pilipili asiyoinusa.

Usiambatishe cheti cha mlipakodi, pasipoti, leseni wala karatasi yenye muhuri na sahihi. Hata kama hutalipa senti, karatasi hizo hutumika kumdanganyia mtu mwingine, safari hii wewe ukiwa ndiye "muuzaji wa Tanzania" anayeomba malipo ya awali. Profoma ya kwanza itoke bila muhuri.

## Hatua ya 7: Soma jibu

Mkweli hujibu kwa vipande. Leo namba ya usajili, kesho vigezo, halafu anabishana kuhusu bei. Ubishi ni dalili nzuri. Kama ni wakala atasema ni wakala, na utamuuliza mnunuzi wake ni nani baadaye.

Yule mwingine hukubali kila kitu isipokuwa uhakiki. Bei sawa, mzigo sawa, tarehe sawa, ila "muda unabana" na kuna ada ndogo. Ada haiitwi rushwa wala malipo ya awali. Inaitwa usajili wa mzabuni, ithibati ya mkataba, ada ya wakili, na pengine wakili mwenyewe anakuandikia. Hapo jibu ni mstari mmoja: "Kama tulivyoeleza, utaratibu wetu hauruhusu. Ada hiyo inaweza kulipwa na mnunuzi na kukatwa kwenye ankara." Hutasikia tena.

Njia ya pili haiombi fedha, inakuletea. Utatumiwa PDF ya MT103, hati ya benki ya kutuma hawala, ikionyesha dola zimeshatumwa kwako. PDF ni picha, na picha ya hawala si hawala. Usisogeze mzigo mpaka benki yako ikuthibitishie kuwa fedha zipo kwenye akaunti na zinatumika. Akisema ametuma zaidi kwa bahati mbaya, umrudishie kilichozidi, usirudishe chochote mwenyewe. Iambie benki.

Barua ya dhamana ya malipo, ile watu wa benki wanayoiita elsii, nayo haiji kwako kwa barua pepe. Hutoka benki ya mnunuzi kwenda benki yako, na chini ya kanuni za kimataifa za elsii ziitwazo UCP 600, kifungu cha 9, benki inayokupa taarifa inakuwa imejiridhisha kuwa hati inaonekana kuwa halisi. Ukiletewa elsii kwenye sanduku lako, ipeleke kwa yule mtu wa benki uliyeandika jina lake, umuulize swali moja: imewafikia ninyi?

## Hatua ya 8: Funga mlango bila kuupiga

Ukiamua kuacha, andika: "Kwa kuwa hatujakamilisha uhakiki wa mnunuzi, hatutaendelea na ulizio hili kwa sasa." Basi. Usieleze sababu, usiendelee na mabishano, na usimfanyie mchezo wa kumpotezea muda kama vijana wanavyopenda. Ana jina lako, simu yako na pengine mahali ulipo.

Barua yenyewe ihifadhi pamoja na vichwa vyake. Kwa kampuni ya Uingereza iliyoibiwa jina, unaweza kuipeleka kwa `report@phishing.gov.uk`. Kama fedha zimeshatoka, nenda benki siku hiyohiyo kabla ya polisi, halafu polisi, kwa mpangilio huo. Hawala iliyotoka asubuhi pengine inazuilika, ya juzi ni vigumu.

Shemeji hakumjibu mwandishi wake. Siku mbili baada ya simu ile, alipata barua kutoka anwani isiyo na kistari, ya mtu wa ununuzi wa kweli. Walimshukuru, na chini kabisa wakauliza: hiyo pilipili yenu ina gramu ngapi kwa lita?

Tukarudi hatua ya kwanza, tukaipiga simu kuu tena, safari hii tukampata yule mtu wa ununuzi mwenyewe. Sampuli ilitoka Tanga na cheti cha afya ya mimea cha TPHPA, kwa akaunti yao. Majibu yalichukua wiki tatu. Uzito ulitosha, unyevu ulizidi, wakaomba sampuli nyingine. Shemeji ameinunua mikeka mipya na sasa hivi pilipili imeanikwa uani, anaigeuza mwenyewe kila saa, haamini mtu.